Siku moja na neno "lazima"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Feri ya Likoni imejaa. Nimesimama pembeni, mkoba nimeukumbatia kifuani. Ndani mna nakala ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa tarehe 14 Desemba 2017, kesi ya Francis Karioko Muruatetu na mwenzake dhidi ya Jamhuri. Kingo zake zimechakaa kwa kufunuliwa. Kazi yangu katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria ni kuandika upya maamuzi kama huu, uwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, ili mwenye ndugu gerezani ajue mahakama imeamua nini na kwa nini. Karatasi zetu za kesi hii zimekwisha, na nimeomba zisichapishwe tena kabla sijaziandika upya.

Saa mbili

Nimeomba hivyo kwa sababu ya mama mmoja. Karatasi ya kwanza niliiandika mimi, na kichwa chake kilisema: "Mahakama ya Juu imefuta hukumu ya kifo." Mama huyo alisafiri tangu alfajiri akaja nayo, imekunjwa mara nne ndani ya leso. Akaniuliza, "Mwanangu, basi kijana wangu anarudi lini?" Nilipotazama karatasi ya mashtaka aliyokuja nayo, kijana wake alikuwa amefungwa kwa wizi wa mabavu. Kesi ya Muruatetu ilihusu mauaji ya kukusudia. Tena hata mwenye kosa la mauaji mahakama haikumwambia aende nyumbani. Nilimweleza pale pale, naye akaitikia tu, "Haya, mwanangu," akaikunja karatasi tena kama ilivyokuwa. Kosa lilikuwa langu, lilitoka kwenye kalamu yangu.

Saa mbili na nusu

Siku hizi uamuzi nauanzia nyuma. Kurasa za mwisho ndizo zenye amri, na amri ndizo zinazomfunga mtu. Yaliyotangulia yote ni njia ya kuzifikia. Naziandika amri kwenye karatasi tupu kwa maneno yangu, kila moja na namba ya aya yake pembeni.

Amri ya kwanza ndiyo iliyoniponza zamani. Haisemi kwamba kifungu cha 204 cha Sheria ya Adhabu kimefutwa. Inasema ulazima wa adhabu ya kifo ulio katika kifungu hicho unapingana na Katiba, na aya zilizotangulia zinaeleza kwamba kifungu chenyewe kinapingana nayo kwa kadiri kinavyoifanya adhabu hiyo kuwa ya lazima kwa mauaji. Maneno "kwa kadiri" ni madogo, lakini ndiyo yanayobeba uamuzi wote. Kisha majaji wakaongeza, ili pasiwe na shaka, kwamba uhalali wa adhabu ya kifo yenyewe hawakuugusa, kwa kuwa Ibara ya 26(3) ya Katiba inaruhusu uhai kuondolewa pale sheria iliyoandikwa inaporuhusu. Kwa hiyo kilichoanguka ni "lazima". Kifo kimebaki kuwa mojawapo ya adhabu ambazo jaji anaweza kutoa.

Naandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa: LAZIMA IMEONDOKA, KIFO KIMEBAKI. Sitakiacha kichwa hicho kibaki hivyo, lakini kitaniongoza mchana kutwa.

Saa nne

Chai, halafu vita na neno "hukumu".

Kiswahili chetu cha kila siku kinalitumia neno hili kwa mambo mawili. Hukumu ni uamuzi wa mahakama, na hukumu pia ni adhabu. Mtu akisoma "hukumu itasikizwa upya", atadhani kesi nzima inaanza tena, mashahidi wataitwa, na huenda ndugu yake akaonekana hana hatia. Kumbe katika kesi ya Muruatetu mahakama iliirudisha kesi Mahakama Kuu kwa jambo moja tu, kusikiliza upya suala la adhabu. Kutiwa hatiani kulibaki palepale.

Basi nimejiwekea sheria. Kilichotolewa na majaji ni "uamuzi". Mtu kuonekana alitenda kosa ni "kutiwa hatiani". Anachopewa baadaye ni "adhabu". Neno "hukumu" nimelifukuza kwenye ukurasa wote. Linalia masikioni, maana ndilo watu wanalolitumia, lakini hapa linapoteza watu.

Neno jingine gumu ni "hiari". Vitabu husema jaji ana hiari ya kutoa adhabu. Msomaji wangu husikia hiari kama jambo la kupenda mtu, kama kwamba jaji ataamua alivyoamka. Nimeandika badala yake: "Jaji apime uzito wa kosa na hali ya mtu, kisha achague adhabu."

Saa tano na nusu

Sasa "kwa nini". Hapa ndipo muhtasari mwingi unapoharibika, kwa kuwa uamuzi una sauti nyingi ndani yake. Kurasa kadhaa ni mawakili wakieleza hoja zao, na ukisoma haraka unaweza kuchukua sentensi nzuri ya wakili ukaiandika kama msimamo wa mahakama. Natumia kalamu mbili: nyekundu kwa hoja za pande zote, buluu kwa sauti ya majaji wenyewe. Kinachoingia kwenye muhtasari ni cha buluu tu.

Nikifuata buluu, njia yao inanyooka. Kesi ya haki haiishii pale mtu anapotiwa hatiani, kwa sababu kupanga adhabu ni sehemu ya kesi. Kwa makosa mengine, mtu akishatiwa hatiani husikizwa: umri wake, kama ni kosa lake la kwanza, kama anajutia, kama anaweza kubadilika. Aliyeua naye alikuwa akiruhusiwa kusema, lakini maneno yake hayakuwa na pa kwenda, maana kifungu cha 204 kilikuwa kimekwisha kumfunga jaji mikono. Hata rufaa kuhusu adhabu ilikuwa tupu, kwa kuwa mahakama ya juu zaidi nayo ilikutana na kifungu kile kile. Na Ibara ya 25 ya Katiba inasema haki ya kesi ya haki haiwezi kuwekewa mipaka. Ikiwa haiwekewi mipaka, serikali haiwezi kujitetea kwamba ubaya wa mauaji unahalalisha kumnyima mtu kusikizwa.

Nilitaka niongeze historia, jinsi Mahakama ya Rufaa ilivyosema mwaka 2010 kwamba ulazima huo ni batili, kisha mwaka 2013 ikaugeuza msimamo wake. Inaeleza kwa nini Mahakama ya Juu ilihitajika kulimaliza jambo. Nimeiandika, nikaikata. Mtu aliyebeba wasiwasi wa ndugu yake akikutana na "ilisema hivi, kisha vile" katikati ya ukurasa, anashika ile ya kwanza.

Saa nane

Baada ya chakula nimeandika kiini chote hiki:

"Zamani, kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia ilikuwa lazima apewe adhabu ya kifo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema ulazima huo unapingana na Katiba, kwa sababu unamzuia jaji kumsikiliza mtu kabla ya kuchagua adhabu. Adhabu ya kifo haikufutwa. Jaji bado anaweza kuitoa, au akatoa nyingine. Aliyepewa adhabu ya lazima anaweza kuomba asikizwe upya kuhusu adhabu tu. Kesi yenyewe haianzi upya. Uamuzi huu ni wa mauaji peke yake, yaani vifungu vya 203 na 204."

Sentensi ya mwisho inatoka kwenye uamuzi mwingine. Baada ya mwaka 2017, mahakama za chini zilianza kuitumia Muruatetu hata kwa wizi wa mabavu na kwa adhabu za kiwango cha chini katika makosa ya kingono. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo kwamba haikusema hivyo: uamuzi wake ulihusu mauaji, na anayepinga adhabu za makosa mengine afungue kesi yake kuhusu sheria hiyo. Kumbe hata wenye kanzu za ujaji waliupanua uamuzi kuliko ulivyokuwa. Kwa hiyo muhtasari wa kesi ya mwaka 2017 usiotaja mwaka 2021 unadanganya, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Saa tisa

Jaribio. Nampelekea mzee mlinzi wa jengo letu, mtu wa kusoma gazeti kila siku lakini si mtu wa mahakama. Namwachia asome peke yake, kisha nachukua karatasi. Simuulizi kama ameelewa, maana kila mtu hujibu ndiyo. Namwambia, "Mzee, nieleze kama unamweleza jirani."

"Wanasema wasinyongwe tena," akaanza.

Nikanyamaza. Akafikiri.

"La, wanaweza kunyongwa. Ila jaji asikilize kwanza."

Nikamuuliza ni wapi aliposoma ile ya kwanza. Akaonyesha sentensi ya pili, neno "unapingana". Ingawa lilikaa karibu na "ulazima", yeye alilisoma kama linahusu kifo. Nikairudia: "Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliondoa neno 'lazima'. Haikuondoa adhabu ya kifo." Kupingana na Katiba nikakushusha sentensi inayofuata, pamoja na sababu. Akasoma tena, na safari hii hakuanza kwa kunyongwa.

Saa kumi na robo

Kabla ya kufunga, kijana mmoja amebisha. Mjomba wake alitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2011 akapewa adhabu ya kifo. Mwaka 2016 Rais alizipunguza adhabu za kifo kuwa vifungo vya maisha, na mjomba akawemo.

"Basi si yamekwisha?" akauliza. "Rais ameshampunguzia."

Nikamweleza kwamba Muruatetu na mwenzake nao walikuwa wameshapunguziwa na Rais, adhabu yao ikawa kifungo cha maisha, na bado Mahakama ya Juu iliwarudisha Mahakama Kuu wasikizwe. Msamaha wa Rais ni jambo moja, jaji kukaa na kumpima mtu ni jingine. Akanitolea karatasi ya mashtaka. Nilitafuta namba kwanza, kama ninavyotafuta siku zote tangu yule mama. Kifungu cha 203 kikisomwa pamoja na 204.

Tukaketi tukaandika yale ambayo majaji walisema yapimwe: umri wakati wa kosa, kosa la kwanza au la, alikiri au alikana, majuto, uwezekano wa kurekebika. Mjomba alikuwa na miaka 22. Amesomea useremala gerezani na ana cheti. Kijana hakujua kama cheti hicho kina kazi yoyote. Nimemwambia aombe nakala ziara ijayo, na barua kutoka kwa kasisi wa gereza, azilete Jumatatu pamoja na namba ya kesi.

Akaondoka na ukurasa ule mpya, wino bado una joto la mashine. Juu kabisa, mahali palipokuwa na kile kichwa changu cha zamani, sasa pana swali: "Je, kosa la ndugu yako ni la kifungu cha 204?"