Nilivyopita siku ya majaribio ya kulipwa ya fundi cherehani

Nimeshapita siku ya majaribio kwenye karakana ya ushonaji na nikachukuliwa, naandika hapa kwa sababu mafundi wengi kushona wanajua sana tu ila hawajui siku ile wanaangaliwa nini, matokeo yake mtu mzuri kabisa anarudi nyumbani anabaki kujiuliza.

Mwaliko ulikuja kwa mesiji, ulikuwa mfupi tu: "Unakaribishwa siku ya majaribio kwa nafasi ya fundi cherehani, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Utalipwa kwa siku nzima. Njoo na kitambulisho, mkasi na tepu yako." Basi. Sasa hapo usikimbilie kujibu "sawa nitakuja". Mimi niliwajibu kwa adabu kwamba nashukuru na nitafika, halafu nikauliza, malipo yanatoka hata kama sitachukuliwa? Yanatoka siku ileile au yanasubiri mwisho wa mwezi? Na nitakachoshona ni sampuli au ni oda ya mteja? Hili la mwisho lina maana yake, maana zipo sehemu zinaita watu majaribio kila oda zikijaa na hakuna anayeajiriwa, kwahiyo nguo yako inakwenda kwa mteja na wewe unaambiwa tutakupigia. Hawa walinijibu yote kwa maandishi, kwamba ni sampuli, malipo ni saa ya kutoka hata ukishindwa, nikaitunza ile mesiji.

Swali lingine nililouliza ni aina ya mashine. Wakasema ni za kiwandani za mshono mmoja wa kunyooka, na ovaloki ipo pembeni. Hilo jibu lilinisaidia mno kwenye kupanga begi kwa sababu sindano za mashine ya nyumbani zina shina lililobapa upande mmoja, na hizi za kiwandani nyingi shina lake ni la duara, haziingiliani, kwahiyo sindano zangu nikaziacha. Na mashine ya kiwandani ni kali, ukikanyaga kama ulivyozoea ile ya nyumbani kitambaa kinakutoroka, ndo maana nilivaa viatu vya chini vyenye soli nyembamba ili mguu uisikie pedali vizuri. Kwenye begi nikaweka mkasi wa kitambaa nilioutoa kunoa, kamkasi ka kukatia nyuzi, kifumulio, pini, chaki iliyochongoka, rula, kidaftari na penseli, na tepu. Tepu ipime kwanza na rula ya chuma kabla hujatoka nyumbani, zile za zamani zinavutika, na kwenye nguo kosa dogo likijirudia kila kipande linakuwa kubwa.

Pale kwanza msimamizi alinipa mabaki ya kitambaa nizoee mashine, alikuwa dada mmoja mpole tu anazunguka na karatasi yake mkononi. Wengi hapo wanaona ni mapumziko, kumbe kashaanza kuandika. Nilifuta meza kwanza, nikaangalia sindano kama haijapinda, nikashona mstari na kuugeuza. Upande wa chini uzi ulikuwa unafanya vitanzi vitanzi. Vitanzi vikiwa chini, mara nyingi tatizo lipo juu, uzi wa juu umelegea au haujakaa vizuri kwenye zile sahani za kukazia. Nikanyanyua mguu wa mashine, nikautoa uzi na kuupitisha upya, nikajaribu tena, mshono ukakaa. Dada akauliza tu, "Umefanya nini hapo?" nikamweleza. Baadaye ndo nikajua ule uzi waliuacha hivyo makusudi kwa kila anayekuja.

Kazi yenyewe ilikuwa sketi ya kunyooka yenye zipu nyuma na mkanda wa kiuno. Nikapewa kadi imeandikwa kiuno 30, hipsi 40, urefu 24, na kitambaa. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naamini ndipo nilipopatia kazi. Ile kadi haisemi kama ni vipimo vya mwili au vya nguo ikishakamilika, na hizo ni sketi mbili tofauti kabisa. Nikauliza, "Samahani dada, hivi ni vya mwili?" Akasema ndiyo, vya mwili, kwa inchi. Kwahiyo lazima niongeze nafasi ya kupumua, nikaweka inchi 2 kwenye hipsi na inchi 1 kiunoni. Hipsi ikawa 42, ukigawa kwa nne ni 10 na nusu, kiuno 31 ukigawa kwa nne ni 7 na robo tatu. Tofauti yake ni inchi 2 na robo tatu kila robo ya sketi, na huwezi kuikata yote pembeni, itatoa nyonga kama pembe, nikatoa dati mbili za inchi 1 moja moja na robo tatu iliyobaki ndo nikaipeleka pembeni. Hesabu yote nikaiandika kwenye kidaftari nikakiacha wazi mezani. Nafasi ya kushonea nusu inchi, pindo inchi 2, halafu kabla ya mkasi kugusa kitambaa nikapima kutoka ukingo wa kitambaa juu na chini kuhakikisha kipande kimelala kwenye uzi ulionyooka, kikilala upande sketi inajizungusha mwilini ikishafuliwa na hakuna pasi ya kuirudisha.

Kushona sikukimbia. Kila mshono nikaupiga pasi kabla ya kuuvuka na mshono mwingine, maana ukisubiri kupiga pasi mwishoni dati zinabaki na kamfuko kwenye ncha. Zipu niliibana kwanza kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa, ndo nikapitisha mashine.

Dada alivyokuja kukagua aligeuza sketi ndani nje kabla hata hajaitazama mbele. Akaikunja katikati kuona kama dati za kushoto na kulia zinalingana urefu, akafunga zipu akaangalia juu kama pande mbili za mkanda zimekutana sawa, akavuta mshono wa pembeni kwa nguvu, akapima kiuno kwa tepu yake. Niliomba kuona karatasi ya alama na akanionyesha bila shida: vipimo na ukataji vilikuwa na alama nyingi kuliko vyote, halafu umaliziaji wa ndani, halafu utunzaji wa mashine na usafi wa meza, muda ulikuwa na alama chache kabisa. Akaniambia mwendo wanaweza kumfundisha mtu ndani ya muda mfupi, ila fundi anayekata bila kuuliza anawaharibia kitambaa cha mteja na hicho hakirudi.

Malipo nilipewa kabla ya kutoka, nikasaini, nikapiga picha ile karatasi. Waliponipigia kunipa kazi nikauliza kwanza kama ni mshahara wa mwezi au ni kwa kipande, na kama ni kwa kipande, nguo inayorudishwa kurekebishwa nani anabeba muda wake. Wakaniandikia kwamba kosa la mshono narekebisha mimi, kosa la kadi ya vipimo wananilipa upya, hapo ndo nikakubali kuanza.