Nilivyopata njia fupi kati ya depo zetu zote Nairobi, na ushauri mbaya niliokataa

Kama unapanga magari ya depo kadhaa na mtu akakuambia kwamba mpangilio wa lupu tatu za programu ya kutafuta njia fupi, yaani marudio matatu ya hesabu yaliyo moja ndani ya jingine, hauna maana, usimsikilize. Niliambiwa hivyo na mshauri aliyekuja na tarakilishi yake na ankara yake, na kama ningenyamaza, lori zetu za Rongai zingekuwa zinaendelea kupita katikati ya jiji kila asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tuna depo tano: Rongai, Ruiru, Ruaka, Karen na Embakasi. Bidhaa huhamishwa kutoka depo yoyote hadi nyingine, kwa hiyo nilitaka jedwali moja ambalo msimamizi wa magari akilitazama anajua muda mfupi zaidi kati ya jozi yoyote, na pia lori lipitie wapi. Nilipima kwa dakika, si kwa kilomita, kwa sababu Nairobi kilomita haikuambii lolote kuhusu foleni. Kila dakika imetoka kwenye safari zetu wenyewe za asubuhi, na kwa kila barabara nilichukua safari ya katikati badala ya wastani. Siku moja ya ajali Mombasa Road inatosha kuharibu wastani wote. Pia tulipima kutoka barabarani nje ya geti, si ndani, maana lori linalopita tu Karen haliingii kupakua.

Jedwali la mwanzo lina zile safari tulizozipima moja kwa moja tu. Mstari ni unakotoka, safu ni unakokwenda, na `inf` ni jozi ambayo hakuna dereva wetu aliyewahi kuiendesha moja kwa moja:

```
          Rongai Ruiru Ruaka Karen Embakasi
Rongai       0    130   inf    25    inf
Ruiru      130      0    30   inf     45
Ruaka      inf     30     0    40     90
Karen       25    inf    40     0     50
Embakasi   inf     45    90    65      0
```

Tazama Karen na Embakasi: kwenda ni 50, kurudi ni 65. Asubuhi upande unaoelekea mjini hujaa, kwa hiyo usinakili nusu ya juu ya jedwali kwenye nusu ya chini. Na ile `inf` usiiache wazi wala usiweke sifuri, la sivyo hesabu itadhani Rongai na Ruaka ni mlango kwa mlango.

Sasa ile 130 ya Rongai hadi Ruiru. Hiyo ni njia ya kupita mjini na kutokea Thika Road, na madereva wote walikuwa wanaifuata kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeandikwa. Njia ya kuzunguka ilikuwepo: Rongai hadi Karen, kisha Southern Bypass na Western Bypass hadi Ruaka, halafu Northern Bypass kuelekea Thika Road na Ruiru. Lakini hakuna aliyeipima yote kwa pamoja. Kila dereva alijua kipande chake. Kuunganisha vipande vya namna hii ndiyo kazi ya mbinu ya Floyd na Warshall. Wote wawili waliichapisha mwaka wa 1962, kila mmoja kwa makala yake, na Mfaransa Bernard Roy alikuwa ameshaandika jambo hilohilo mwaka wa 1959.

Mbinu inauliza swali moja kwa zamu. Chukua depo moja, iite k. Kwa kila jozi, kutoka depo i hadi depo j, uliza: je, nikipitia k nitafika mapema kuliko ninavyofika sasa? Kama ndiyo, andika muda mpya. Ukishamaliza jozi zote, ndipo unahamia k inayofuata. Depo zote zikishapata zamu yake, jedwali limekamilika.

Mshauri wetu aliandika lupu ya k ndani kabisa: anachukua jozi moja, anajaribu depo zote za kupitia, anaifunga, anakwenda jozi nyingine. Alipotuonyesha mara ya kwanza, majina yalikuwa yamepangwa Rongai, Ruaka, Karen, Embakasi, Ruiru, na majibu yote yalikuwa sahihi. Kila mtu akapiga makofi. Nilipoipa programu ileile orodha yetu ya ofisini, ile niliyoandika hapo juu, Rongai hadi Ruiru ikabaki 130. Nilimuuliza kwa nini, akasema data yangu ndiyo mbovu.

Data haikuwa mbovu. Fuata mwenyewe. Jozi ya Rongai na Ruiru ndiyo ya kwanza kabisa kushughulikiwa. Programu yake inajaribu kupitia Ruaka: Rongai hadi Ruaka bado ni `inf`. Inajaribu Karen: Rongai hadi Karen ni 25, lakini Karen hadi Ruiru bado ni `inf`. Inajaribu Embakasi: Rongai hadi Embakasi bado ni `inf`. Basi inaifunga jozi kwa 130 na hairudi tena. Muda mfupi baadaye inagundua kwamba Rongai hadi Ruaka ni 65, na baadaye zaidi kwamba Karen hadi Ruiru ni 70, lakini habari hizo zimechelewa. Jozi nyingine zote zilitoka sawa isipokuwa hiyo moja, kwenda na kurudi. Kosa la aina hii ni hatari kwa sababu halileti ujumbe wowote wa hitilafu. Unapata namba inayofanana na ukweli.

Katika mpangilio sahihi, lupu ya k iko nje kabisa, na hapo kila zamu inaacha kitu unachoweza kukitegemea: baada ya zamu ya Ruaka, kila namba kwenye jedwali ni njia bora inayoruhusiwa kupitia Rongai, Ruiru na Ruaka tu. Karen hadi Ruiru imeshakuwa 70, yaani 40 na 30. Zamu ya Karen inapofika, Rongai hadi Ruiru inakuwa 25 na 70, jumla 95. Dakika 35 zimeokolewa. Zamu ya Embakasi inajaribu 75 na 45, inapata 120, inaacha 95 ilivyo.

Nafikiri wanaosema mpangilio hauna maana wanachanganya mambo mawili. Mpangilio wa majina ya depo kweli hauna maana: ukimweka Karen kabla ya Ruaka, zamu ya Karen inatoa Rongai hadi Ruaka kuwa 65, kisha zamu ya Ruaka inaongeza 30, na unafika palepale 95. Mpangilio wa lupu ndio wenye maana. Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokipenda kuliko vyote: changanya majina, endesha tena, linganisha. Majibu yakibadilika, programu ni mbovu, na huhitaji kusoma hata mstari mmoja wake. Kipimo cha pili ni kukagua jedwali lililokamilika kwa kila depo tatu. Kama Rongai hadi Ruiru ni 130 wakati jedwali hilohilo linasema Rongai hadi Ruaka ni 65 na Ruaka hadi Ruiru ni 30, limejipinga lenyewe.

Mshauri alipobanwa alisema tuiendeshe programu yake mara kadhaa, itajirekebisha. Kusema kweli hilo linafanya kazi: imethibitishwa mwaka wa 2019 kwamba k ikiwa ndani kabisa, kurudia mara tatu kunatosha daima. Lakini kwa nini ulipe mara tatu kazi ambayo kuhamisha mstari mmoja kunaimaliza?

Kilichomshawishi msimamizi wetu wa magari hakikuwa programu bali karatasi ya manila, kalamu ya risasi na rula mbili za duka la vitabu, vitu vya shilingi mia chache. Unalaza rula moja chini ya mstari wa k na nyingine kando ya safu ya k. Namba za mstari huo na safu hiyo haziguswi katika zamu hiyo, kwa sababu kutoka k hadi k ni sifuri na kupitia k hakuwezi kuzipunguza. Ndiyo maana unaweza kufuta na kuandika kwenye karatasi ileile bila nakala. Kwa kila kisanduku kingine, unajumlisha namba ya mstari wake iliyo kwenye safu ya k na namba ya safu yake iliyo kwenye mstari wa k. Na ukikuta `inf` kwenye safu ya k, ruka mstari mzima. Zamu ya Rongai, kwa mfano, ni Ruiru na Karen pekee wanaomfikia, kwa hiyo visanduku viwili tu vinabadilika: Ruiru hadi Karen na Karen hadi Ruiru, vyote vinakuwa 155 kwa muda. Msimamizi alifanya zamu ya Karen kwa mkono wake, akafuta 130, akaandika 95, akanitazama: “Mzee, kumbe tulikuwa tunachoma mafuta bure.”

Muda peke yake haumwambii dereva apite wapi. Kwa hiyo weka jedwali la pili linalosema, kwa kila jozi, depo ya kwanza kuielekea. Mwanzoni ni kule uendako wenyewe. Kila muda unapopungua kupitia k, nakili hatua ya kwanza ya kuelekea k. Hapa `d` ni jedwali la muda, `nxt` ni hili la pili, na `n` ni idadi ya depo:

```python
for k in range(n):
    for i in range(n):
        for j in range(n):
            t = d[i][k] + d[k][j]
            if t < d[i][j]:
                d[i][j] = t
                nxt[i][j] = nxt[i][k]
```

Rongai hadi Ruiru inasema Karen. Ukiwa Karen, Karen hadi Ruiru inasema Ruaka. Ukiwa Ruaka, inasema Ruiru. Usiandike k yenyewe badala ya `nxt[i][k]`. Kwa Rongai hadi Ruiru utadhani ni sawa, lakini k yaweza kuwa katikati ya njia, kama Karen kwa Ruiru hadi Rongai, na dereva ataruka kituo cha kwanza.

Kasi isikutishe. Depo tano ni ulinganisho 125, na hata zikiwa arobaini ni 64,000, ambao tarakilishi kuukuu ya ofisini inaumaliza kabla hujaketi vizuri. Kinachoweza kukuangusha ni saa. Lori likitoka Rongai saa kumi na mbili na nusu, linafika Ruaka kama saa moja na dakika thelathini na tano, na hapo Northern Bypass si ile ya saa kumi na mbili na nusu. Jedwali linadhani barabara zote zimepimwa kwa wakati mmoja. Sisi tuna majedwali matatu, alfajiri, asubuhi na jioni, na kile kipande cha Ruaka hadi Ruiru katika jedwali la asubuhi tumekipima saa moja na nusu, muda ambao lori zetu huwa zinafika hapo.