Siku yangu ya mwisho kazini: kuaga shule kwa hesabu ya debe moja

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya jogoo, hotuba iko kichwani. Kesho natimiza miaka 60, umri wa mtumishi wa umma kustaafu kwa lazima, na leo Ijumaa naiaga shule ya msingi niliyoiongoza miaka mingi hapa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Nimehudhuria sherehe nyingi za kuagana. Mstaafu anashukuru, anakumbusha ya zamani, anakaa, na Jumatatu hakuna aliyebaki na kitu cha kufanyia kazi. Mimi nataka watoto, walimu na wazazi kila mmoja aondoke na jambo lake.

Saa 1 asubuhi. Paredi, ukaguzi wa usafi, wimbo wa taifa. Sikusema lolote la kuaga. Walikuwa na vipindi hadi saa 5, na mtihani wa darasa la saba ni Septemba.

Saa 2. Makabidhiano ofisini na mwalimu mkuu mpya, Afisa Elimu Kata akishuhudia. Tulikwenda kitu kwa kitu: rejesta ya uandikishaji, leja ya stoo, vitabu vya fedha, kitabu cha adhabu, hati za eneo la shule, muhuri. Madawati tuliyahesabu darasani, hatukunakili idadi kutoka kwenye daftari. Saini za benki tulianza kuzibadilisha mapema, kwa sababu mkuu akiondoka saini yake ikabaki, ruzuku inaingia kwenye akaunti na hakuna wa kuitoa. Nimeona shule ikikosa chaki kwa sababu hiyo.

Saa 4. Nilipita jikoni. Wapishi walikuwa na sufuria mbili zaidi kwa ajili ya wageni. Nikawaomba watoto wapakuliwe kwanza, mara tu sehemu yao ya hotuba itakapoisha.

Saa 7 mchana. Chini ya mwarobaini palijaa. Ngoma, risala ya wanafunzi, risala ya walimu, zawadi za vitenge. Mwalimu wa darasa la kwanza alipolia, nami nilishindwa kujizuia. Kisha mshereheshaji akanipa kipaza sauti.

Nilianza na watoto, maana ndio wanaochoka mapema. Niliwaambia hivi: "Wanangu, wapo kati yenu waliokuja ofisini kwangu na kuniambia mambo ya nyumbani ambayo hawakumwambia mtu mwingine. Nikiondoka, mlango haufungwi." Nikamsimamisha mwalimu wa ushauri nasaha, nikataja anapokaa na saa anazopatikana. Nikawafundisha namba 116, ya simu kwa mtoto, ambayo haikatwi pesa. Tuliirudia kwa sauti mpaka darasa la kwanza nao wakaishika. Nikawaruhusu waende kula.

Kwa walimu nilikuwa na ombi moja. Mwalimu bora mliye naye mbakizeni darasa la kwanza. Shule nyingi humweka huko mgeni, au yule ambaye hawajui wampangie wapi, halafu darasa la nne tunashangaa mtoto anakariri ukurasa badala ya kuusoma. Kumtambua ni rahisi: funika picha, mwanzishe katikati ya sentensi. Anayesoma ataendelea, anayekariri atarudi mwanzo wa ukurasa. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza anafanya hivyo kila Ijumaa, na anayekwama hamwachi hadi mwisho wa muhula.

Kisha wazazi. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu ugomvi wetu mkubwa wa miaka yote umekuwa chakula cha mchana. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016, lakini mahindi ya makande, debe moja kwa kila mtoto kwa mwaka, tunakubaliana wenyewe kwenye mkutano wa wazazi. Na kila mwaka yanarudi maneno yale yale: gunia limeliwa siku mbili, walimu wanaiba.

Niliwaomba tuhesabu pamoja. Mwaka wa masomo una siku 194. Debe la mahindi lililojaa vizuri lina kama kilo 18. Ukiligawa kwa siku 194, mtoto anapata gramu 93 kwa siku, kiasi cha konzi mbili za mkono wa mtu mzima. Watoto wetu ni 420. Kwa siku moja wanakula kilo 39. Gunia la debe sita lina kilo 108, kwa hiyo halimalizi siku tatu. Nikanyamaza kidogo. Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema, "Kumbe, Mwalimu! Mimi ndiye niliyekuwa nikisema mnaiba." Nikamjibu, "Baba, ulikuwa na haki ya kuuliza. Hesabu hii ilipaswa kubandikwa ukutani, na leo imebandikwa."

Tukaendelea. Zipo kaya ambazo debe hazina: bibi anayelea yatima, mama mgonjwa. Mtoto wao harudishwi nyumbani wala haondolewi kwenye foleni ya chakula. Tuseme watoto 70 hawana cha kuleta. Zinabaki debe 350, na kwa kipimo kile kile mahindi yanaisha siku ya 161. Watoto wote wanashinda njaa siku 33 za mwisho, waliochangia na wasiochangia. Wapishi wakianza kupunguza kipimo kimyakimya, utajua kwa mahudhurio: wadogo wanaanza kutoroka mchana, na baada ya wiki mbili hawaji kabisa. Pengo lile ni debe 70, na ekari mbili za shamba la shule mwaka huu zimetoa magunia 12, yaani debe 72. Kwa hiyo asije mtu akasema shamba lile ligawanywe viwanja.

Jambo la mwisho ni wakati wa kukusanya. Zamani tuliomba debe Januari shule inapofunguliwa. Kwetu mvua ni msimu mmoja. Januari ghala ni tupu na mahindi sokoni Kibaigwa yamepanda bei. Tunayaomba sasa, Julai, mavuno yakiwa ndani, kwa ajili ya mwaka ujao. Lakini mahindi ya Julai yatangoja miezi mingi, na dumuzi hangoji. Yakaushwe kwanza: weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Yakikauka, yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya matabaka isiyopitisha hewa, hewa ikamuliwe, kila tabaka lifungwe peke yake, na mfuko usifunguliwe mpaka siku ya kutumika. Anayefungua "kuangalia tu" anawarudishia wadudu hewa. Ukiona vumbi la unga chini ya mfuko, umeshatobolewa, uliwe kwanza.

Saa 9. Maswali. Mama mmoja aliuliza funguo za stoo zitakaa na nani. Mlango una kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, mwingine kwa mzazi wa kamati ya shule, na leja inasomwa mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu mpya akasimama, akasema ataendelea hivyo hivyo. Mkutano ukakubali debe ziletwe kabla ya katikati ya Agosti.

Saa 11 jioni. Viti vinarudishwa madarasani. Yule mzee wa mbele hakuondoka. Alimfuata mwalimu mkuu mpya, akamwambia debe zake tatu, za wajukuu watatu, zimeshakauka na Jumatatu atazileta kwa baiskeli. Mwalimu akafungua leja ukurasa mpya, akaandika jina lake mstari wa kwanza.