Mtego wa Chupa, Sukari na Hamira: Jinsi Nilivyoupima kwa Alama za Kuumwa

Mtego wa mbu wa chupa kwa kawaida husifiwa kwa kuonyesha wadudu waliokufa ndani yake, na kipimo hicho niliamua kutokitegemea tangu mwanzo. Mtu anayetega chupa chumbani hatafuti mizoga ya wadudu. Anataka kuumwa kidogo kuliko jana. Kwa hiyo nilihesabu vitu viwili kando kando: kilichomo ndani ya chupa, na alama mpya za kuumwa kwenye miguu yangu kuanzia magotini kwenda chini.

Chupa yenyewe niliitengeneza kwa namna inayojulikana na wengi. Nilichukua chupa ya plastiki ya lita 2, nikaikata pale shingo inapoanza kupanuka, kisha nikakipindua kipande cha juu bila kifuniko na kukitumbukiza ndani ya kile cha chini, mdomo ukiangalia chini kama faneli. Ndani niliyeyusha gramu 50 za sukari ya kahawia katika mililita 200 za maji ya moto, nikayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu tu mkononi, ndipo nikanyunyiza juu yake gramu moja ya hamira kavu, yaani takribani theluthi ya kijiko cha chai, bila kukoroga. Hatua ya kupoza maji haifai kurukwa, kwa sababu hamira ni kiumbe hai na maji ya moto huiua. Ikiwa iko hai, baada ya muda utaona utando wa povu juu ya maji na vijipovu vidogo vikipanda kutoka chini; povu lisipotokea kabisa, hakuna mtego hapo, kuna maji ya sukari tu. Mahali faneli inapokutana na chupa nilizungushia gundi ya karatasi ili hewa itoke kwa njia moja tu, ya mdomo ulioachwa wazi. Mchanganyiko huu usifungwe kabisa kwenye chombo kisicho na upenyo, maana hewa inayojikusanya ndani yaweza kukipasua.

Hoja iliyo nyuma ya mtego huu ni ya kweli. Hamira inapokula sukari hutoa pombe na hewa ya kaboni dioksidi, na hewa hiyo hiyo ndiyo tunayoitoa tunapopumua. Mbu jike, ambaye ndiye pekee anayefyonza damu, huihisi kutoka mbali na kuanza kuruka kuielekea dhidi ya upepo. Tatizo linajitokeza pale unapouliza ni hewa kiasi gani. Sukari ikichachuka yote hutoa kaboni dioksidi yenye uzito wa karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo gramu 50 hutoa takribani gramu 25, ambazo ni kama lita 13 au 14 za hewa. Mtu mzima aliyelala hutoa karibu mililita 200 kwa dakika, yaani lita 12 kwa saa. Maana yake ni kwamba chupa nzima, hadi sukari inapokwisha, ina pumzi ya mtu mmoja ya saa moja na dakika chache, na pumzi hiyo ndogo inagawanywa kwa siku kadhaa. Ukiigawanya kwa siku 5, chupa inatoa takribani sehemu moja kwa mia ya kile anachokitoa mtu aliyelala kando yake. Tena mbu akishakaribia, hufuata joto la mwili, unyevu na harufu ya ngozi, na chupa haina hata kimoja kati ya hivyo.

Baada ya hesabu hiyo niliona kwamba hukumu inapaswa kutolewa na chumba chenyewe. Nilitega jioni moja na kuacha jioni inayofuata, nikaketi mahali pale pale kwa muda ule ule miguu ikiwa wazi, na nilipomaliza kuhesabu alama niliingia ndani ya chandarua kama kawaida. Simshauri mtu yeyote alale nje ya chandarua kwa ajili ya jaribio kama hili. Pembeni niliweka pia chupa ya pili yenye maji matupu, ili nijue ni wadudu wangapi huingia kwa bahati tu.

Chupa ya hamira ilijaa wadudu, lakini ilinibidi niwamimine kwenye sahani nyeupe ili niwaone vizuri. Wengi walikuwa nzi wadogo wa matunda, wenye mwili mfupi uliojaa na macho mekundu, ambao hufuata harufu ya uchachu, pamoja na sisimizi waliofuata sukari. Mbu hutambulika kwa miguu mirefu myembamba na mdomo mrefu ulionyooka mbele ya kichwa, na hao walikuwa wachache sana, idadi isiyotofautiana na ya chupa ya maji. Alama za kuumwa hazikupungua: jioni za kutega na jioni za kuacha zilifanana kiasi kwamba nisingeweza kuzitenganisha kama nisingekuwa nimeziandika. Naamini watu wengi wanaosema chupa inafanya kazi wanaona kweli wadudu waliokufa, ila hawajawaangalia kwa karibu.

Sikuishia hapo, kwa kuwa watafiti wa mbu nao hutumia sukari na hamira kama chanzo cha kaboni dioksidi mahali ambapo mitungi ya gesi haipatikani. Tofauti ni kwamba mitego yao ina feni inayomvuta mbu akishasogea, na mara nyingi huongezwa harufu inayofanana na ya binadamu. Nilichukua feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, nikaifunga ipulize kuingia ndani ya mfuko wa wavu mwembamba, kisha nikapitisha mrija kutoka kwenye chupa yenye sukari na hamira nyingi zaidi hadi kando ya mdomo wa feni. Mara hii mfuko ulikuwa na mbu wa kweli kila asubuhi. Hata hivyo, alama miguuni hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu mimi bado nilikuwa kivutio kikubwa zaidi chumbani.

Faida niliyoipata kwenye mtego wa feni ni kujua nina mbu wa aina gani. Wengi walikuwa weusi wenye mabaka meupe miguuni, yaani Edesi, ambao huuma mchana na jioni na huzaliana kwenye maji yaliyotuama katika vyombo karibu na nyumba. Nilikagua kila chombo, nikakuta viluwiluwi kwenye visahani vya chini ya vyungu vya maua na kwenye ndoo iliyosahaulika. Nikavimwaga na kuvisugua kuta zake, kwa kuwa mayai ya mbu hawa hunata pembeni na hustahimili ukavu, na nikarudia kila wiki, kabla kiluwiluwi hajapata muda wa kuwa mbu. Hapo ndipo alama zilipopungua waziwazi, na feni ya kawaida iliyoelekezwa miguuni jioni ilizipunguza tena, kwani mbu hushindwa kuruka vizuri kwenye upepo.

Anayeendelea kutumia chupa aimwage mara povu linapokoma, na aimwage juu ya udongo mkavu. Maji yaliyochacha na kubaki bila hewa ya kutosha kuvuta wala feni ya kunasa yanaweza kuwa mahali pazuri pa kutagia mayai kwa mbu wa Kuleksi, wanaopenda maji machafu, na chupa ikisahaulika pembeni kwa wiki mbili inaweza kuongeza mbu badala ya kuwapunguza.