Mkate Kwanza, Swali Baadaye

Somo: 1 Wafalme 19:1–18

Wapendwa katika Bwana, wengi wetu tulio katika ndoa tunalifahamu jibu la "hakuna kitu" kutoka kwa mwenzi ambaye uso wake unasema kipo. Juma hili tumtazame Eliya, aliyemkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumhoji, alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi mara ya pili. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baada ya safari ya siku 40, kule Horebu. Eliya alipomimina malalamiko yake hakukatizwa, na alipoulizwa tena akarudia maneno yale yale, hakukemewa kwa kuyarudia.

Elkana naye alimpenda kweli mkewe Hana, aliyekuwa akilia kwa kukosa mtoto, lakini katika 1 Samweli 1:8 anamwuliza maswali manne mfululizo, na la mwisho linamhusu yeye mwenyewe: je, yeye si bora kuliko watoto kumi? Maandiko hayatuambii kwamba Hana alimjibu.

Tuchukue mume aliyesikia kwamba kazini watapunguza watu. Anarudi nyumbani, anasukuma sahani kando, anakaa kimya. Mkewe akimkabili mezani kwa "Una nini? Mbona huniambii?", atajihisi yuko mbele ya baraza la wazee. Afadhali ampe chakula na usingizi, kisha kesho yake, wakichambua mchele au wakitembea kwenda sokoni, mahali ambapo macho yana kazi nyingine, amwambie alichokiona na si anachokishuku: "Baba Neema, tangu Jumanne naona huli vizuri. Ukiwa tayari kusema, nitakusikiliza." Kisha anyamaze kweli, asiulize tena kabla ya kulala. Huenda siku ile lisitoke neno.

Likitoka, huwa ni nusu sentensi, kama vile "kazini mambo si mazuri", na hapo ndipo wengi huharibu kwa ushauri, kwa "nilikuambia", au (tuseme ukweli) kwa mstari wa Biblia uliotolewa haraka ili mazungumzo yaishe. Yatosha kusema, "Hilo ni zito, endelea." Wala alichosema kisipelekwe kwenye jumuiya kama ombi la maombi bila ruhusa yake, kwa maana akikisikia huko Alhamisi, hatafungua kinywa tena kwa muda mrefu.

Subira hii ina mpaka. Mwenzi akisema, kama Eliya, kwamba heri afe, huo si ukimya wa kungojewa: aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo apelekwe kwa daktari. Hata Eliya hakuachiwa mkate peke yake, alipewa Elisha.