Gauni la Shangazi: kiuno kimekaa, sasa ni shingo

Bodi ya gauni la Shangazi, yaani sehemu ya juu, imekaa leo, imebaki shingo tu; gauni ni la harusi ya binti yake. Kitambaa ni brokedi ya kijani tuliyoinunua Biashara Street. Nilimshawishi aache jezi aliyoitaka mwanzoni, kwa sababu jezi hushika kila mkunjo wa mwili, lakini brokedi hujisimamia yenyewe, ikapita juu ya tumbo bila kulichora. Shida yake ni malinda. Ukiikusanya kiunoni inafura, kwa hiyo sketi nimeikata vipande sita, vyembamba juu na vipana chini.

Kazi kubwa ilikuwa kifua. Kifuani ana inchi 48, lakini juu ya kifua, chini ya kwapa, ana 43. Fundi akikata kwa 48, mabega yanaanguka na shingo inapwaya. Nilichagua patani kwa ile 43. Patani yangu imeacha tofauti ya inchi 2 tu kati ya vipimo hivyo viwili, naye ana 5, basi zilipungua 3. Nikaipasua patani ya mbele na kuiongeza inchi moja na nusu kila upande, na urefu kidogo pia. Kwanza nilishona bodi ya kujaribia kwa marikani. Kama nafasi haitoshi, utaona mikunjo inayoelekea kwenye chuchu, na mshono wa kiuno unapanda mbele. Yake ilitulia.

Kiuno nilikitafuta kwa kamba: nilimfunga, nikamwomba ainame upande huu na ule, na pale kamba ilipotulia ndipo mshono ulipopita. Kwake ni juu kidogo ya kitovu. Ndani, kwenye bitana, nimeweka utepe usiovutika wa upana wa inchi 1, ulioshikwa kwenye mishono tu, na unafungwa kwa kulabu kabla ya zipu. Nilimpima akiwa ameketi, kwa kuwa inchi 42 za kusimama zilikuwa 43 na nusu kitini. Utepe huo ndio unaobeba uzito wa sketi, la sivyo sketi ingevuta bodi chini na shingo pamoja nayo.

Alipoijaribu alikaa, akasimama, akainua mikono.

"Mwanangu, hainivuti popote," akasema.

Shingo ni ya V, inayoishia juu kidogo ya pale vikombe vya sidiria vinapokutana. Inarefusha shingo yake vizuri kuliko ile ya duara, iliyofanya kifua chake kionekane kipande kimoja kipana. Ila ukingo wa V umekatwa mshazari, na mshazari hulegea. Kesho nitashonea kitepe chembamba cha pamba, kifupi kwa robo inchi kila upande kuliko ukingo wenyewe, ili shingo ilale kifuani.

Pindo litasubiri. Kingo za vipande vya sketi nazo zina mshazari, kwa hiyo gauni litaning'inia usiku kucha kwanza, ndipo nipime kutoka sakafuni akiwa amevaa viatu vya siku hiyo.