Lita moja kwenye karai, gramu ngapi ndani ya andazi?

Andazi la kawaida la ngano likiandikiwa kilokalori 400, ujue kuna mtu kachukua lita nzima ya mafuta iliyomiminwa kwenye karai akaigawanya kwa idadi ya maandazi. Hesabu hiyo haina ukweli, kwa sababu ukimaliza kukaanga, mafuta mengi bado yamo karaini. Ya andazi ni yale tu yaliyoingia ndani yake, na hayo hupimika kwa mzani wa kawaida wa jikoni. Naandika hapa jinsi ninavyoyapima mimi huku Uyole, Mbeya, ninapoandaa viwango vya mafuta vya mapishi ya kikundi chetu.

Donge ninalolitolea mfano lina unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 150, majarini gramu 50, hamira gramu 10, chumvi gramu 5 na maji ya uvuguvugu gramu 550. Nikitoa kinachobaki kwenye bakuli na mikononi napata gramu 1,760, nakata vipande 32 vya gramu 55. Mafuta ni ya alizeti, lita 1. Lita hiyo haina gramu 1,000. Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, lita moja ina gramu 920 hivi, na kila gramu ina kilokalori 9. Ukiigawa yote kwa 32, kila andazi linabebeshwa gramu 29 za mafuta ya kukaangia, yaani kilokalori 259, juu ya zile 143 za unga, sukari na majarini. Hapo ndipo 402 inapotoka.

Kupima kunaanza kabla ya moto. Karai tupu langu lina gramu 1,240; likishatiwa mafuta linasoma 2,160, naandika. Baada ya kukaanga naliacha lipoe mpaka niweze kulishika kwa mikono mitupu, kisha nalirudisha mzanini likiwa na mafuta yake humo humo. Siyamimini kwenye chombo kingine kwanza, maana yanayoganda kwenye kuta za karai hupotea kwenye hesabu na kuonekana kama yameliwa. Kwa mafuta ya alizeti ni gramu chache tu, lakini kwa mawese ya Kyela, kwenye baridi yetu ya Juni na Julai, yanaganda kwenye chuma hata kabla hujamaliza kufunika maandazi.

Usijaribu kufupisha kazi kwa kupima ujazo wakati mafuta bado ya moto. Mafuta yakitoka joto la chumba mpaka nyuzi 170 hutanuka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ukiyapima kwa jagi yakiwa moto utaona yamepungua kidogo kuliko yalivyopungua kweli. Uzito haubadiliki na joto, ila mzani wenyewe hauwezi kubeba karai la moto: plastiki inalainika na namba zinayumba.

Siku ya mfano huu karai lilirudi na gramu 1,958. Pungufu ni gramu 202, lakini si zote zilizoingia kwenye maandazi. Nayatoa maandazi juu ya wavu wa waya uliowekwa kwenye sinia, na sinia hilo nimelipima kabla. Lilikuwa limeongezeka gramu 12 za mafuta yaliyodondoka. Mafuta yaliyorukia jikoni na yaliyobaki kwenye kijiko cha matundu nayafuta kwa karatasi niliyoipima, nikapata gramu 6. Kisha kuna mashapo. Unga wa kusukumia unaoshikamana na vipande hudondoka karaini, unaungua na kutulia chini, kwa hiyo mzani wa mwisho unauhesabu unga huo kama mafuta yaliyobaki. Nilichuja mashapo nikapata gramu 10, na kwa kuwa yenyewe yamelowa mafuta, nahesabu nusu yake kuwa unga. Hizo gramu 5 zinaongezwa, hazitolewi. Jawabu: 202, toa 12, toa 6, ongeza 5, zimebaki gramu 189. Ukigawa kwa 32, kila andazi limebeba gramu 5.9, sawa na kilokalori 53. Andazi zima linakuwa na kilokalori 196, chini ya nusu ya ile namba ya kwanza.

Anayeweka rekodi kwenye jedwali la kompyuta aandike kwa mpangilio huu: C1 karai na mafuta kabla, C2 baada, C3 ya sinia, C4 ya karatasi, C5 unga wa mashapo, C6 uzito wa donge bichi. Ukiongeza mafuta katikati ya kazi, yapime na uyajumlishe kwenye C1.

```
=(C1-C2-C3-C4+C5)/C6
```

Hapa inatoka 0.107, yaani karibu gramu 11 za mafuta kwa kila gramu 100 za donge bichi. Namba hii ndiyo ya kutunza, kwa sababu inafuata donge, haifuati karai. Ukikaanga donge lile lile kwenye lita 2 badala ya 1, maandazi hayanywi mara mbili. Ukikanda kilo 2 za unga, donge ni gramu 3,520 na mafuta yanayoingia ni kama gramu 378, hata kama karai ni lile lile lenye lita moja inayoongezwa kidogo kidogo. Mapishi mengi yanapokosewa wakati wa kuzidishwa, kosa liko hapa: mtu anazidisha mafuta ya karai pamoja na unga.

Kuna mkato mwingine unaopotosha, nao ni kupima chakula chenyewe kabla na baada ya kukaanga. Maandazi yangu yaliingia karaini yakiwa gramu 1,760 yakatoka yakiwa 1,705. Ukitazama hapo utasema hayakunywa mafuta, tena yamepungua gramu 55. Kilichotokea ni kwamba maji yametoka kama mvuke, ile michemko midogo unayoiona pembeni ya andazi, huku mafuta yakiingia. Maji yaliyotoka ni gramu 244 na mafuta yaliyoingia ni 189. Mzani unaonyesha tofauti yake tu. Hata hivyo uzito huo wa mwisho nauhitaji kwa kazi nyingine, kujua mafuta kwa kila gramu 100 za andazi lililoiva. Nachukua 189, naongeza gramu 40 za mafuta yaliyomo kwenye majarini (majarini yangu ni asilimia 80 mafuta) na kama 12 za unga wenyewe, jumla 241. Ukigawa kwa 1,705 ni gramu 14 kwa kila 100.

Namba moja ya siku moja siiandiki kwenye kadi ya mapishi. Napima mara tatu, siku tofauti, mpishi na mafuta vikiwa vile vile. Kwa maandazi haya nilipata 5.6, 5.9 na 6.3 kwa kipande, nikaandika 6. Zikiachana zaidi ya hapo natafuta sababu, na mara nyingi ni moto. Kwenye jiko la mkaa, ukitia vipande kumi kwa mpigo, tena vya donge lililokuwa dirishani asubuhi ya Julai, mafuta yanapoa mara moja. Andazi linakaa muda mrefu zaidi, gamba linachelewa kukaza, na linatoka zito lenye kung'aa. Ukilibonyeza kwenye karatasi linaacha doa pana. Nilipokaanga makusudi kwenye nyuzi 150 badala ya 175, kipande kilifika gramu 8. Usipokuwa na kipimajoto, dondosha kipande kidogo cha donge: kikizama na kukaa chini kabla ya kupanda, mafuta bado hayajawa tayari.

Sababu ya pili iko nje ya karai. Andazi likiwa ndani ya mafuta, mvuke unaotoka unayasukuma mafuta yasiingie. Likitolewa, mvuke ulio chini ya gamba unapoa na kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na mafuta yaliyoshikamana nje yanavutwa ndani. Sehemu kubwa ya kunywa mafuta hufanyika wakati huo, sekunde za mwanzo baada ya kutoa. Kwa hiyo natikisa kijiko juu ya karai, na maandazi nayasimamisha kwa ubavu kwenye wavu. Ukiyarundika kwenye beseni kama wengi tunavyofanya, ya chini yanaoga mafuta ya juu, na kipimo kinabadilika. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi nayo huwa mazito, hayachuruziki vizuri, na kipande kinaondoka na mengi zaidi. Kadi yangu ni ya mafuta mapya au yaliyotumika mara moja, na nimeandika hivyo.

Ukubwa wa kipande nao lazima uandikwe. Donge lile lile likikatwa vipande vya gramu 30 lina ngozi nyingi zaidi ya kugusa mafuta, na uwiano unapanda. Namba ya maandazi ya gramu 55 haifai kuhamishiwa kwenye vitumbua wala kwenye kalimati.

Wanaopika chips waangalie jambo moja ambalo kwa maandazi halionekani. Andazi bichi na lililoiva karibu zina uzito sawa, kwa hiyo ukichanganya kizio hukosei sana. Kiazi kinapoteza maji mengi mno. Kilo moja ya viazi vilivyomenywa na kukatwa inaweza kutoka na gramu 520 tu za chips. Kama vimekunywa gramu 80 za mafuta, hiyo ni gramu 8 kwa kila 100 za viazi vibichi, lakini ni gramu 15 kwa kila 100 za chips zilizo kwenye sahani. Zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuandika moja bila kusema ni ya kibichi au kilichoiva. Vilevile, ukichukua thamani ya «viazi vya kukaanga» kutoka kwenye jedwali la lishe, mafuta ya kukaangia yamo tayari. Usiyaongeze tena.

Kwa kuku mwenye ngozi au kitimoto, njia hii inakupa jumla tu. Mafuta ya mnyama yanayeyuka kuingia karaini wakati ya alizeti yanaingia kwenye nyama, na karai linaweza kurudi na uzito ule ule au zaidi. Ukipata pungufu ya sifuri, au namba iliyo chini ya sifuri, usiibadilishe. Chukua mafuta ya nyama mbichi kutoka kwenye jedwali, jumlisha na namba hiyo jinsi ilivyo, na jumla ya mafuta ya sahani itakuwa sawa. Kitakachokupotea ni aina yake: kiasi gani ni cha alizeti na kiasi gani ni cha mnyama. Hicho mzani hauwezi kukuambia, na kwenye kadi za nyama nafasi hiyo naiacha wazi.